Jinsi ya kupiga uwiano wa hesabu za miaka miwili na kumwandikia ofisa mikopo maelezo yanayoeleweka

Benki ikikwambia "leta hesabu za miaka miwili" wengi wetu tunapeleka kabrasha lenye muhuri wa mkaguzi afu tunakaa kusubiri simu. Kule ndani ofisa mikopo anachukua zile karatasi anaziingiza kwenye jedwali lake, dakika chache tu ana namba kama kumi hivi zinazomwambia biashara inapumua au inahema, na we mwenye biashara ndo wa mwisho kuzijua. Hapa naelekeza namna ya kuzipiga mwenyewe kabla hujaenda, na namna ya kuziandikia nusu ukurasa wa maelezo ambao ofisa anaweza kuuchukua karibu ulivyo akauweka kwenye ripoti yake kwa kamati ya mikopo.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo mpaka mwisho. Tuseme ni kampuni ya ndugu wawili, duka la vifaa vya ujenzi Morogoro mjini, wanauza saruji, nondo, mabati, rangi, wanauzia watu wa kawaida kwa keshi na wanawakopesha mafundi na wakandarasi. Namba nimezipanga mwenyewe kwa ajili ya somo ila sura yake ni ile ile unayoiona kwenye hardwea nyingi zinazokua haraka. Wanataka kukopa milioni 60 kwa miaka mitatu waongeze stoku. Kila kitu kiko kwa milioni za shilingi.

| | 2023 | 2024 |
|---|---|---|
| Mauzo (bila VAT) | 420 | 546 |
| Gharama ya bidhaa zilizouzwa | 336 | 453 |
| Faida ghafi | 84 | 93 |
| Gharama za uendeshaji | 46 | 55 |
| Faida ya uendeshaji | 38 | 38 |
| Riba | 8 | 14 |
| Kodi ya mapato | 9 | 7.2 |
| Faida halisi | 21 | 16.8 |
| Keshi na benki | 18 | 7 |
| Wadaiwa | 42 | 78 |
| Stoku | 84 | 119 |
| Jumla ya mali za muda mfupi | 144 | 204 |
| Mali za kudumu | 66 | 70 |
| Wasambazaji wanaotudai | 48 | 82 |
| Ovadrafti | 20 | 38 |
| Kodi ambayo haijalipwa | 4 | 6 |
| Mkopo, sehemu ya kulipa ndani ya mwaka | 12 | 12 |
| Jumla ya madeni ya muda mfupi | 84 | 138 |
| Mkopo wa muda mrefu | 36 | 36 |
| Mtaji wa wenye mali | 90 | 100 |

Ndani ya gharama za uendeshaji kuna uchakavu wa milioni 6 mwaka wa kwanza na 8 mwaka wa pili, utauhitaji baadae.

Hatua ya 1: hakikisha hesabu zenyewe zinasimama

Usianze kugawanya kabla hujaangalia vitu vitatu.

Cha kwanza, namba za 2023 zitoe kwenye ripoti ya 2024, ile safu ya mwaka uliopita, usizitoe kwenye ripoti ya zamani ya 2023. Mara nyingine mkaguzi anarekebisha za nyuma, na ukichanganya ripoti mbili unapata mabadiliko ambayo hayajawahi kutokea dukani.

Cha pili, mizania ifunge na mtaji ujieleze. Mali zote za 2024 ni 204 + 70 = 274, madeni na mtaji ni 138 + 36 + 100 = 274, sawa. Mtaji ulikuwa 90, faida halisi 16.8 imeingia, kwa hiyo ungetegemea 106.8 lakini uko 100. Hizo 6.8 zimeenda wapi? Hapa wenye kampuni waligawana gawio. Kama hujui zilikoenda tafuta jibu leo maana ofisa atauliza, na kwenye kampuni za familia jibu huwa ni ada za shule au kiwanja, sasa hilo ukilisema mwenyewe mapema halina shida, akilivumbua yeye ndo linakuwa shida.

Cha tatu, fungua orodha ya wadaiwa ikiwa imepangwa kwa umri wa deni. Kwenye mizania imeandikwa 78 tu basi, ila kwenye orodha unakuta milioni 9 ni za mkandarasi mmoja aliyechukua nondo na saruji zaidi ya miezi sita iliyopita, anasema hajalipwa kule alikojenga. Hiyo 9 bado inahesabiwa kama mali ya muda mfupi, yaani hesabu zinakwambia itageuka keshi ndani ya mwaka. Iandike pembeni, tutapiga uwiano kwa namba za kwenye ripoti kisha tutapiga tena bila hiyo 9. Stoku nayo ifanyie hivyo hivyo, rangi zilizoganda na mabati yaliyopata kutu hayana bei iliyoandikwa kwenye kitabu.

Kama unatumia Excel, weka jedwali lile kama lilivyo, mstari wa 1 ni kichwa, majina kwenye A, 2023 kwenye B, 2024 kwenye C, afu fomula zenyewe ni hizi, unaziandika kwa B na kuziburuta kwenda C:

```
=B13+B14-B19-B20-B21
=B13/B19
=(B13-B12)/B19
=B11/B2*365
=B12/B3*365
=B15/B3*365
=B4/B2
=B6/B7
=(B19+B20)/B21
```

Ya kwanza ni mali zote toa madeni na mtaji, lazima itoe sifuri, isipotoa sifuri acha kila kitu urudi kwenye mizania. Zinazofuata ni ukwasi, ukwasi bila stoku, siku za wadaiwa, siku za stoku, siku za wasambazaji, asilimia ya faida ghafi, faida kufunika riba na madeni kwa mtaji, zote tunazipitia chini.

Kitu kingine kidogo: vitabu vingi vinasema tumia wastani wa mwanzo na mwisho wa mwaka, kwa mfano stoku ya wastani. We una mizania mbili tu, kwa hiyo wastani wa 2023 hauwezi kuupata, hauna mizania ya 2022. Tumia namba za mwisho wa mwaka kwa miaka yote miwili. Kosa baya ni kutumia ya mwisho kwa 2023 na wastani kwa 2024, hapo unalinganisha vitu visivyofanana na mwelekeo utakaouona ni wa uongo.

Hatua ya 2: ukwasi, yaani wakija kudai wote utalipa?

Uwiano wa ukwasi ni mali za muda mfupi gawanya kwa madeni ya muda mfupi. 2023 ni 144/84 = 1.71, 2024 ni 204/138 = 1.48. Umeshuka ila mtu asiyezoea anasema bado uko juu ya 1, tuko salama. Sasa toa stoku, maana nondo hailipi deni mpaka iuzwe: 60/84 = 0.71, mwaka wa pili 85/138 = 0.62. Afu toa na ile 9 ya mkandarasi: uwiano wa kawaida unakuwa 195/138 = 1.41 na ule wa bila stoku 0.55. Yaani kwa kila shilingi 100 inayotakiwa kulipwa ndani ya mwaka kuna shilingi 55 tu za keshi na madeni yanayokusanyika, na keshi peke yake ni milioni 7 mbele ya madeni ya 138.

Ila uwiano huu ni picha ya siku moja, tarehe 31 Desemba, na ofisa anajua kwamba inaweza kupakwa poda. Ukiwa juu ya 1 afu ukachukua keshi ukalipa wasambazaji tarehe 30, uwiano unapanda wakati biashara haijabadilika chochote. Ndo maana mimi naamini zaidi siku, zenyewe zinakwambia hela imekwama wapi:

Wadaiwa wanachukua siku ngapi kulipa: 42/420 × 365 = siku 37, mwaka wa pili 78/546 × 365 = siku 52.

Stoku inakaa siku ngapi: 84/336 × 365 = siku 91, mwaka wa pili 119/453 × 365 = siku 96.

Sisi tunawalipa wasambazaji baada ya siku ngapi: 48/336 × 365 = siku 52, mwaka wa pili 82/453 × 365 = siku 66.

Angalia vizuri, wadaiwa na stoku tumegawanya kwa vitu tofauti. Wadaiwa wako kwa bei ya kuuzia kwa hiyo wanagawanywa kwa mauzo, stoku iko kwa bei ya kununulia kwa hiyo inagawanywa kwa gharama ya bidhaa. Ukigawanya stoku kwa mauzo siku zinaonekana chache kuliko ukweli. Na kwa wanaojali zaidi, wadaiwa wana VAT ya 18% ndani yake wakati mauzo hayana, kwa hiyo hizo siku 52 zimevimba kidogo, lakini zimevimba miaka yote miwili kwa hiyo mwelekeo haubadiliki. Pia duka linauza keshi na mkopo, kama una mauzo ya mkopo peke yake gawanya kwa hayo, utaona siku halisi za wakandarasi ni nyingi zaidi ya 52.

Sasa zisome kwa pamoja. Wateja wamechelewa siku 15 zaidi, stoku imekaa siku 5 zaidi, na duka limejibu kwa kuwachelewesha wasambazaji siku 14 zaidi pamoja na kuchota ovadrafti kutoka 20 hadi 38. Hapo ndo stori yote ilipo: duka linawafadhili wakandarasi kwa hela ya wasambazaji na ya benki. Na wasambazaji wa saruji hawavumilii milele, siku wakisema lipa kwanza ndo upakie, ukwasi wa 1.48 hautakusaidia.

Hatua ya 3: faida, mauzo yamepanda ila yamebaki na nini

Asilimia ya faida ghafi ni faida ghafi gawanya kwa mauzo: 84/420 = 20%, mwaka wa pili 93/546 = 17%. Asilimia ya faida ya uendeshaji imetoka 9.0% ikaja 7.0%. Faida halisi imetoka 5.0% ikaja 3.1%. Faida juu ya mtaji wa wenyewe ni 21/90 = 23.3%, mwaka wa pili 16.8/100 = 16.8%.

Asilimia zote zimeshuka, sasa usiishie kuziandika tu, fuata pointi 3 za faida ghafi mpaka zilikotoka. Kama 2024 wangebaki na 20%, faida ghafi ingekuwa milioni 109, wamepata 93, pengo ni milioni 16. Hiyo ni kubwa kuliko riba yote ya mwaka. Mauzo yameongezeka milioni 126 lakini faida ya uendeshaji imebaki 38 ile ile, haijaongezeka hata shilingi, kwa sababu faida ghafi imeongezeka 9 na gharama za uendeshaji nazo zimeongezeka 9.

Kuna sababu tatu za kawaida na kila moja ina pa kuangalia. Moja, bei ya kununulia imepanda na hujapandisha yako: chukua ankara za nondo na saruji za Januari na za Novemba ulinganishe na bei ya kwenye risiti za mashine. Mbili, mchanganyiko wa bidhaa umebadilika, unauza saruji nyingi yenye faida nyembamba na rangi kidogo. Tatu, punguzo kwa wateja wakubwa. Kwa mfano wetu ni ya tatu, wakandarasi walipewa bei ya jumla na juu yake wakapewa muda wa kulipa, ambavyo ni vitu viwili kwa mpigo, na ndo maana siku za wadaiwa na asilimia ya faida vimeharibika mwaka mmoja.

Kuna na sababu ya nne ambayo hakuna anayependa kuitaja: stoku ya mwisho haikuhesabiwa vizuri, au mali inatoka mlango wa nyuma. Ikiwa huwezi kuonyesha karatasi za kuhesabu stoku za tarehe 31 Desemba, ofisa atafikiria hii kabla ya zile tatu.

Hatua ya 4: deni, nani kabeba biashara

Madeni yote kwa mtaji: 2023 ni (84 + 36)/90 = 1.33, 2024 ni (138 + 36)/100 = 1.74. Tukifuta ile 9 ya mkandarasi, mtaji unabaki 91 na uwiano unakuwa 174/91 = 1.91. Ona jinsi deni moja bovu linavyogonga sehemu mbili, ukwasi na mtaji.

Watu wengine wanahesabu madeni yenye riba tu, ovadrafti na mikopo, hapo ni 68/90 = 0.76 na 86/100 = 0.86, inaonekana nzuri zaidi. Zote mbili ni sahihi, ila andika umetumia ipi. Ukiweka 0.86 bila kusema na ofisa akapata 1.74 atadhani unaficha kitu. Na kama kuna hela mkurugenzi aliikopesha kampuni, benki nyingi zitakubali kuihesabu upande wa mtaji iwapo ataweka saini kwamba hataichukua mpaka mkopo wa benki uishe, bila hiyo saini ni deni kama deni lingine.

Faida inafunika riba mara ngapi: 38/8 = 4.75, mwaka wa pili 38/14 = 2.7. Riba ya 2024 inalingana na madeni? Wastani wa madeni yenye riba ni (68 + 86)/2 = 77, na 14/77 ni kama 18%, inaeleweka. Kipimo hiki kikikutolea 5% au 40% basi kuna mkopo haujaandikwa kwenye mizania au kuna riba imewekwa kwenye gharama zingine, rudi ukatafute.

Hatua ya 5: pima mkopo unaouomba, sio uliopita

Hapa ndo wengi wanaishia njiani, wanapeleka uwiano wa nyuma na kumwachia ofisa apige wa mbele. Kinachotakiwa ni keshi ya mwaka gawanya kwa rejesho la mwaka. Keshi ya kukadiria: faida ya uendeshaji 38, rudisha uchakavu 8 kwa sababu haukutoka mfukoni, toa kodi 7.2, unabaki na 38.8. Rejesho la sasa: riba 14 na mkopo 12, jumla 26. Uwiano ni 38.8/26 = 1.49. Kiwango kinachotajwa sana ni 1.2 au 1.25, kila benki na sera yake, kwa hiyo kwa madeni ya sasa duka linapita.

Ongeza ule mkopo wa 60. Kwa riba ya 18% kwa mwaka na salio linalopungua, miezi 36:

```
=-PMT(18%/12,36,60)
```

Inatoka 2.17 kwa mwezi, ambayo ni 26 kwa mwaka. Rejesho linakuwa 26 + 26 = 52 na uwiano ni 38.8/52 = 0.75. Umefeli, tena kwa mbali. Utasema lakini stoku mpya italeta mauzo mapya. Sawa, lakini mwaka jana mauzo mapya ya milioni 126 yameleta faida ya uendeshaji ya sifuri, kwa hiyo hoja hiyo namba zako mwenyewe zinaikataa, na ofisa ameshaiona.

Na ukitaka kuona vizuri, panga mzunguko wa keshi wa 2024: faida halisi na uchakavu 24.8, wadaiwa wamekula 36, stoku imekula 35, wasambazaji wametuachia 34, kodi 2. Biashara yenyewe imetumia milioni 10.2 zaidi ya ilizoingiza. Duka linaonyesha faida ya 16.8 na linachoma keshi.

Kwa hiyo ombi libadilike. Ovadrafti ya 38 imegeuka deni la kudumu, haishuki, na ndo inayobana ukwasi. Omba milioni 30 kwa miaka mitano zitumike zote kupunguza ovadrafti:

```
=-PMT(18%/12,60,30)
```

Ni 0.76 kwa mwezi, 9.1 kwa mwaka. Riba ya ovadrafti inayoondoka ni 30 × 18% = 5.4. Rejesho jipya ni 26 - 5.4 + 9.1 = 29.7, uwiano 38.8/29.7 = 1.3. Inapita. Madeni ya muda mfupi yanashuka kutoka 138 hadi kama 112, kwa sababu 30 zimetoka na kama 4 za mwaka wa kwanza wa mkopo mpya zimeingia, na ukwasi unarudi 1.82. Deni lote kwa mtaji halijabadilika, usidanganye hapo, umebadilisha muda wa deni na sio ukubwa wake. Ila limiti ya ovadrafti nayo ishushwe, kubali mwenyewe kwenye barua, vinginevyo mwakani itajaa tena na mkopo utakuwepo.

Hela ya stoku je? Wadaiwa wazuri ni 78 - 9 = 69. Wakirudi kulipa kwa siku 37 za 2023 watakuwa kama 55, yaani milioni 14 zinarudi dukani bila riba.

Hatua ya 6: andika nusu ukurasa

Ofisa hahitaji kufundishwa uwiano ni nini. Anataka kujua nini kimebadilika, kwa nini, deni litalipwa na nini, na wapi kuna hatari. Anza na ombi, weka mabaya mwenyewe, na kila sentensi iwe na namba inayopatikana kwenye hesabu. Hapa Kiswahili kikae vizuri kidogo:

> Tunaomba mkopo wa TZS milioni 30 kwa miezi 60 kwa ajili ya kupunguza ovadrafti kutoka milioni 38 hadi milioni 8, na limiti ishushwe kulingana na hapo.
>
> Ukwasi umeshuka kutoka 1.71 hadi 1.48 (1.41 ukiondoa deni la milioni 9 la mkandarasi mmoja lililozidi miezi sita). Bila stoku ni 0.62. Sababu ni wateja wa mkopo, ambao sasa wanalipa kwa siku 52 badala ya 37. Pengo limezibwa na wasambazaji na ovadrafti.
>
> Mauzo yameongezeka kwa 30% lakini faida ghafi imeshuka kutoka 20% hadi 17% kwa sababu ya punguzo kwa wakandarasi, hivyo faida ya uendeshaji imebaki milioni 38. Tangu Januari bei ya jumla inatolewa kwa malipo ya keshi tu.
>
> Madeni yote ni mara 1.74 ya mtaji (2023: 1.33), au 1.91 deni la mkandarasi likifutwa. Faida inafunika riba mara 2.7 (2023: 4.75).
>
> Kwa keshi ya 2024 bila kutegemea ongezeko lolote la mauzo, rejesho la madeni yote pamoja na mkopo huu linafunikwa mara 1.3. Faida ya uendeshaji ikishuka kwa milioni 4, uwiano unakuwa karibu 1.2. Hatari kubwa ni ukusanyaji wa madeni. Orodha ya wadaiwa kwa umri imeambatanishwa na tutaiwasilisha kila mwezi.

Ile sentensi ya milioni 4 imetoka hapa: 38.8 toa 4 ni 34.8, na kodi ingeshuka 30% ya hiyo 4 ambayo ni 1.2, kwa hiyo inabaki 36, na 36/29.7 = 1.21. Na ile ya bei ya jumla kwa keshi usiiandike kama hamjaanza kuifanya, maana ataomba kuona risiti za mwezi uliopita.

Ambatanisha orodha ya wadaiwa, karatasi za kuhesabu stoku, taarifa ya benki ya miezi 12 na ritani za TRA. Kabla ya kupeleka linganisha mauzo ya kwenye hesabu na yaliyopita benki. Mauzo ya 546 yakiwekewa VAT ya 18% ni kama 644, toa ongezeko la wadaiwa 36, unategemea kama 608 ziwe zimepokelewa mwaka mzima kama bidhaa zote zina VAT. Benki ikionyesha 400 andaa maelezo ya hizo zingine, kama zilipokelewa kwenye simu au zililipa wasambazaji moja kwa moja toka kaunta, na uwe na rekodi zake. Benki ikionyesha 800, toa kwanza hela za mikopo na uhamisho wa kati ya akaunti zenu wenyewe, na kama bado inazidi basi swali linalofuata sio la ofisa mikopo tena, ni la TRA.